Bamia za kijani zisizovutika: ndimu ingoje mwisho

*Swali:* Habari za kazi, mwalimu. Nina mgahawa mdogo hapa Igoma, Mwanza, nauza ugali na wali kwa rosti ya sato na bamia. Bamia zangu zinavutika kama uzi hadi wateja wananitania kwamba nimewapikia mlenda. Nikikamulia ndimu mwanzoni utelezi unapungua, lakini zinageuka rangi ya jani kavu. Nikitia magadi kidogo kama alivyokuwa akifanya mama, zinang'aa kijani ila zinarojeka na utelezi unazidi. Nifanyeje ziwe laini, ziwe kijani na zisivutike?

*Jibu:* Dada yangu, ndimu na magadi vinavutana, na ndiyo maana kila ulipoziba tundu moja lilifunguka jingine. Ndimu hukata utelezi lakini huua kijani. Magadi hulinda kijani lakini huongeza utelezi. Ukitegemea kimojawapo utapata nusu ya unachotaka siku zote. Kazi ya kuondoa utelezi waachie ukavu na moto mkali, tena kabla bamia hazijagusana na mchuzi wowote, kisha tindikali ije mwishoni kabisa: ya nyanya bamia zikiwa zimebakiza dakika mbili tu za kukaa motoni, na ya ndimu ukishaepua. Nitaeleza sababu kwanza, halafu tupike nusu kilo kuanzia sokoni hadi kwenye sahani.

Ute wa bamia umo ndani ya nyama ya ganda na katika ule moyo mweupe unaoshika mbegu. Ni minyororo mirefu ya sukari za aina mbalimbali zilizoungana, na ikiwa bado imefungiwa ndani ya bamia haimsumbui mtu. Tafuna bamia changa mbichi uone, utasikia ute kidogo tu. Tatizo huanza ute huo unapotoka nje na kukutana na maji, kwa sababu minyororo ile hunywa maji, huvimba na kushikana, na kiasi kidogo tu hutosha kuufanya mchuzi mzima uvutike. Kwa hiyo adui yako mkubwa ni maji, nayo huingia kwa njia ambazo mpishi hazioni: maji ya kuoshea yaliyobaki juu ya ganda, maji ambayo chumvi huyavuta kutoka ndani ya bamia yenyewe, mvuke unaogonga kifuniko na kudondoka tena chini, na majimaji ya nyanya ambazo hazijakaushwa.

Rangi ina habari yake. Kijani cha bamia ni umbijani, au klorofili kama wengine wanavyoiita, na katikati ya kila chembe yake kuna madini ya magnesiamu. Joto likikutana na tindikali, magnesiamu hiyo hung'oka, na kijani kile hubadilika kuwa rangi ya zeituni iliyofifia, ndiyo hiyo unayoiita rangi ya jani kavu. Zingatia kwamba inahitaji vyote viwili, joto na tindikali, na inahitaji muda. Ndimu iliyokamuliwa juu ya bamia zilizokwisha kuepuliwa haina nafasi ya kuharibu kitu kabla mlaji hajamaliza sahani yake, lakini ndimu ileile ikipikwa pamoja na bamia kwa robo saa itamaliza kazi. Kwa upande wa utelezi tindikali ni rafiki kweli, kwani ute wa bamia huwa mzito zaidi pasipo na uchachu wala magadi mengi, na hupungua nguvu unapochachushwa. Ndiyo sababu jaribio lako la ndimu halikuwa la kipuuzi. Kosa lilikuwa la saa tu.

Magadi nayaweka mbali kabisa na pishi hili, ingawa simlaumu mama. Magadi, kama yale yanayotoka Ziwa Natron, huiondoa tindikali na hivyo kuilinda rangi, lakini hapohapo huyeyusha ile gundi ya asili inayoshikamanisha kuta za mmea. Kuta zikilegea, bamia hurojeka, na ute wote uliokuwa umefungiwa ndani hupata mlango. Zaidi ya hayo huharibu vitamini C. Anayepika mlenda anautafuta utelezi huo, na kwake magadi yana kazi ya haki. Inawezekana kabisa kwamba mama alikuwa akipika mlenda mzuri, na wewe umechukua kipimo chake ukakipeleka kwenye rosti.

Sasa twende sokoni, kwa sababu kuna bamia ambazo hakuna mpishi wa kuziokoa. Bamia huvunwa siku chache tu baada ya ua kudondoka, na mkulima akichelewa siku mbili tatu ganda hujaa nyuzi ambazo hata ukichemsha hadi jioni hazilainiki. Chagua zenye urefu wa kidole cha kati, sentimita saba hadi kumi, na ushike ncha yake nyembamba uikunje kwa kidole gumba: bamia changa hukatika kwa sauti, tap, na iliyokomaa hupinda bila kukatika. Wauzaji wengi hawapendi mteja avunje ncha za fungu zima, na wana haki, basi vunja moja au mbili ukiwa umeshaahidi kununua. Tazama pia vikonyo. Kikonyo kilichosinyaa au kuwa cheusi kinakuambia bamia ile imelala sokoni zaidi ya usiku mmoja. Mafungu yaliyonyunyiziwa maji ili yang'ae sipendi kuyanunua, kwani maji yanayokaa juu ya bamia ndani ya mfuko wa plastiki huleta madoa meusi na kuanza kuzilegeza kabla hujafika nyumbani. Ukilazimika kuyanunua, zianike mara ufikapo. Na ukiwa na friji, usiziweke kwenye sehemu yenye baridi kali. Bamia ni mmea wa joto, huumia zikikaa chini ya nyuzi saba hivi, na maumivu hayo hujitokeza kama vishimo na madoa siku ya pili. Chini kabisa, kwenye droo ya mboga, ndani ya karatasi, zitakaa siku mbili bila shida. Usizioshe kabla ya kuziweka.

Nusu kilo ya bamia za ukubwa huo ni kama arobaini hivi. Zioshe zikiwa nzima, na haraka, bila kuziloweka, kisha zimwage kwenye kitambaa safi uzifute moja moja. Najua mama mwenye wateja wa saa sita mchana atasema hana muda wa kufuta bamia moja moja, kwa hiyo njia yangu ya mgahawani ni kuziosha mapema, kitu cha kwanza asubuhi, na kuzitandaza kwenye ungo kivulini penye upepo hadi vitunguu, nyanya na samaki viwe tayari. Kwa hapa kwetu nusu saa hutosha siku ya kiangazi. Siku ya mvua hewa ya ziwa huwa nzito, na ungo peke yake haukaushi, itakubidi urudi kwenye kitambaa. Ukipitisha kiganja juu yake kisipate unyevu, ziko tayari. Kisu na ubao navyo viwe vikavu. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika majiko ya watu ni kukata bamia kwanza na kuziosha baadaye, na anayefanya hivyo huwa ameshapika mlenda kabla hajawasha moto, kwani maji yameshaingia kila kitundu kilichofunguliwa na kisu.

Katika kukata, kumbuka kwamba kila uso uliokatwa ni mlango wa ute. Bamia iliyokatwa vipete vyembamba ina milango kumi na zaidi, na iliyokatwa mara mbili ina michache tu. Kwa rosti yako nashauri zile fupi uziache nzima na zile ndefu uzikate mshazari vipande viwili au vitatu, kila kimoja kisipungue sentimita tatu. Zile nzima zina ufundi wake: usikate kichwa chote kwa pigo moja, maana utafungua vyumba vya mbegu, bali ushike kisu kidogo kama unavyochonga penseli, uzungushe na kuondoa kikonyo pamoja na lile ganda gumu la kichwani hadi kibaki kichwa chenye umbo la pia, kikiwa hakina tundu. Ukiona kidoa cheupe chenye unyevu, umezama mno. Zilizokatwa zitandaze tena kwenye ungo kwa dakika kumi na tano au ishirini. Utaona nyuso zake zikikauka na kuwa na ngozi nyembamba inayong'aa, na ngozi hiyo ni ute uliokauka mahali pake badala ya kwenda kwenye mchuzi. Usiziache kwa saa nyingi, kwani nyuso zilizokatwa huanza kuwa nyeusi kwa hewa.

Moto ndio sehemu ambayo nitakaa nawe kidogo. Chukua kikaango kipana, si sufuria yenye kina, kwa sababu katika sufuria bamia hupandana, za chini hutoa mvuke na za juu hupikwa na mvuke huo. Kama unatumia mkaa, ngoja hadi mkaa wote uwe mwekundu bila moshi, kwani jiko la mkaa haliongezwi moto kwa kuzungusha kitasa kama la gesi, na ukianza mapema utabaki na moto hafifu hadi mwisho. Weka kikaango kikavu kwanza kipate moto, tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta, na mafuta yakianza kutetemeka tia nusu ya bamia, yaani zile zinazoenea kwa tabaka moja. Usitie chumvi. Usifunike. Na usikoroge, ziache zilivyo kwa dakika moja na nusu hadi mbili, hadi zile zilizogusa chuma zipate madoa ya hudhurungi, ndipo utikise kikaango au uzigeuze kwa mwiko mpana kwa kuziinua kutoka chini.

Mara hiyo ya kwanza utakapozigeuza utaona nyuzi nyeupe nyembamba zikivutika kati ya mwiko na bamia, na hapo ndipo wapishi wengi hukata tamaa na kukimbilia ndimu au kumwaga maji. Vumilia. Nyuzi hizo ni ute unaotoka na kukauka hapohapo. Geuza tena baada ya dakika moja, na tena baada ya nyingine. Kila mara utaona nyuzi zinapungua, zinakatika mapema, hadi kwenye dakika ya tano au ya sita mwiko unainuka safi na sauti ya kikaango inabadilika, kutoka ule mlio wa majimaji yanayochemka kwenda kwenye mchakacho mkavu wa kukaanga. Mimi huamini sikio kuliko saa. Wakati huo rangi itakuwa imekolea kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa kuwa hewa iliyokuwa imejificha katikati ya seli imetoka na kijani kinaonekana bila ukungu. Choma moja kwa ncha ya kisu sehemu nene: kisu kiingie kwa ukinzani kidogo, kama kinavyoingia kwenye kiazi ambacho bado dakika mbili kiive. Zimwage kwenye sinia pana uzitandaze, usizirundike kwenye bakuli, maana rundo la bamia za moto huendelea kujipika kwa mvuke wake. Futa kikaango, rudia kwa nusu iliyobaki.

Rosti itengeneze peke yake. Katika kikaango kilekile, mafuta kidogo, kitunguu kikubwa kimoja kilichokatwa vipande vyembamba hadi kiwe cha dhahabu, kitunguu saumu na tangawizi kadiri ya desturi yako, kisha nyanya nne zilizoiva, zilizosagwa au kukatwa ndogondogo. Kijiko cha chai cha bizari kikipenda kuingia kiingie sasa. Chumvi yote ya pishi iwekwe hapa, ndani ya nyanya, ambako haina bamia ya kuinyonya maji. Kaanga hadi nyanya zipoteze maji yake, kwa kawaida dakika kumi hadi kumi na mbili, hadi ukipitisha mwiko chini ya kikaango njia yake ibaki wazi kwa muda na mafuta yaonekane pembeni. Rosti nyepesi ndiyo mwizi wa pili wa kazi uliyoifanya kwenye kikaango, kwani ile ngozi ya ute iliyokauka juu ya bamia ikizama kwenye majimaji italowa upya. Ukitaka mchuzi zaidi, ongeza nusu kikombe cha maji ya moto sasa hivi, yachemke pamoja na rosti, wala usiyaongeze baada ya bamia kuingia. Tui la nazi nalo, kwa wanaolipenda, ingia yake ni hapahapa.

Sato wako wawili, waliokwisha kukaangwa, walaze ndani ya rosti na uwaache wanywe ladha kwa dakika tano, ukiwanyunyizia rosti kwa kijiko bila kuwageuza, maana sato aliyekaangwa hupasuka upesi. Baada ya hapo tandaza bamia juu yao, zisizamishwe, usifunike, na uhesabu dakika mbili. Ile hatua ndogo ya ugumu iliyobaki ndani ya bamia itamalizika humo. Ukikoroga, mbegu zitamwagika na ute uliobaki katikati ya bamia utatoka. Tikisa kikaango tu. Epua, ndipo ukamulie nusu ndimu juu. Ndimu hii ya mwisho ina kazi ya ladha na pia humalizia utelezi mdogo unaoweza kuwa umejitokeza, na kwa kuwa hakuna moto tena chini yake, rangi inabaki.

Hata hivyo, kwa kuwa unauza, nahisi tatizo lako la rangi haliishii jikoni. Bamia ambazo zimeepuliwa saa tano na nusu zikiwa kijani kibichi, zikawekwa kwenye hotipoti pamoja na rosti ya nyanya, kifuniko kikabanwa, zikamfikia mteja wa saa nane, zimekaa saa mbili na nusu kwenye joto, uchachu na mvuke, yaani kila kitu kinachong'oa kijani na kila kitu kinachoamsha ute. Hakuna upishi unaoweza kushinda hotipoti hiyo. Rosti na sato viwekwe kwenye hotipoti, lakini bamia zilizokaangwa zibaki kwenye sinia, zimefunikwa kwa kawa au kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na kila mteja anapoagiza uchote rosti kwenye kikaango kidogo, utupie bamia zake sita au saba, dakika mbili, sahani. Kwa wateja wanaokuja kwa mkupuo, kaanga bamia kwa awamu mbili, moja kabla ya saa sita na nyingine saa saba. Mafuta na mkaa vitaongezeka kidogo, nalo ni jambo la kuingiza kwenye bei. Zile zinazobaki jioni hazitakuwa kijani tena kesho yake zikipashwa moto, na ni afadhali uzile wewe na wasaidizi wako usiku huohuo.

Chombo nacho kina neno. Miaka kadhaa iliyopita nilipikia shughuli ya ukoo bamia za kilo nane ndani ya karai kubwa la chuma, lile la kukaangia samaki, nikiwa nimejivunia ukubwa wake na moto wake. Utelezi ulikauka vizuri ajabu, lakini nilipotia nyanya na kuziacha humo wakati wageni wakinawa, ziligeuka rangi ya majivu ya mkaa, na shangazi mmoja akauliza kama ni bamia au ni figili zilizoungua. Bamia zina aina ya ugwadu unaoungana na chuma na kuwa mweusi, hasa penye tindikali, na shaba nayo huziharibu rangi. Hazikuwa na madhara kwa mlaji, ila hakuna aliyezigusa kwa hamu. Kikaango cha chuma kavu kwa zile dakika sita za kukaanga hakina shida kubwa mradi uzitoe mara moja. Rosti ya nyanya pamoja na bamia iwe kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu au kikaango chenye utando. Sufuria ya alumini haiziwekei weusi, lakini nyanya haipendezi kulala ndani yake usiku kucha.

Kama siku fulani unazitaka zisizo na mafuta, kwa mfano za kuliwa na kachumbari, zichemshe nzima zikiwa na vichwa vyake vilivyochongwa bila tundu. Maji yawe mengi, lita tatu kwa nusu kilo, yawe yanatokota kwa nguvu ndipo uzitie, na yasifunikwe, ili tindikali nyepesi inayotoka kwenye mboga iondoke na mvuke badala ya kurudi chini. Chumvi ya maji hayo haina ubaya, kwa sababu ganda halijafunguliwa. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hutokota kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, kwa hiyo muda wa dakika tatu unaotajwa na mpishi wa Tanga wewe uufanye tatu na nusu hadi nne. Ziopoe, zitumbukize kwenye maji baridi ya mtungi kwa dakika moja tu ili zisiendelee kuiva, kisha zikaushe kwa kitambaa. Ukizikata, zikate mezani, wakati wa kula. Njia hii hutoa kijani kizuri kuliko zote, lakini ndani ya bamia ute bado upo wote, na anayeuchukia ataukuta mdomoni, ingawa mchuzi hautavutika.

Kuna pia watu wanaopika bamia kwa saa nzima hadi utelezi unaisha wenyewe, na ni kweli unaisha, kwani joto la muda mrefu huikatakata ile minyororo mirefu. Utapata mchuzi mzito wenye ladha tamu na bamia za rangi ya udongo, laini kama tope. Ni chakula halali kabisa, ila si ulichoniuliza.

Ukifuata haya na bado siku moja zikavutika, angalia zilivutika lini. Zikivutika kwenye kikaango hata baada ya dakika sita, moto ulikuwa mdogo au ulizijaza mno. Utakumbuka kwamba hukusikia mchakacho, ulisikia kuchemka, na dawa yake ni kutoa nusu na kuendelea na iliyobaki. Zikiwa kavu kwenye sinia kisha zikavutika kwenye rosti, rosti ilikuwa na maji au mkono ulikoroga, na hapo nusu ndimu ya ziada baada ya kuepua itakusaidia kwa siku hiyo. Zikiwa kavu na kijani lakini ngumu kutafuna, mpishi hana kosa. Rudi sokoni ukavunje ncha.